Pesa ya ODV: majirani watatu wa kampi yetu

Lubumbashi ukitamka herufi tatu, ODV, mtu yeyote aliyepita umri wa miaka thelathini anajua unasema nini. Operesheni ya kuondoka kwa hiari. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, ilikuwa imechoka. Kampuni iliyozaliwa Union Minière mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967, na katika miaka ya 1980 ikatoa zaidi ya tani laki nne za shaba kwa mwaka, sasa ilikuwa inatoa kiasi kidogo mno, huku orodha ya wafanyakazi ikiwa bado ndefu. Benki ya Dunia ikatoa fedha ili wenye miaka mingi ya huduma wapewe malipo ya mwisho na kuaga. Walioondoka walizidi elfu kumi, na fedha zote zilikuwa dola milioni 43 na kidogo. Gawanya mwenyewe: wastani ni kama dola 4,000 kwa mtu. Ubishi juu ya hesabu hiyo umeendelea miaka mingi na siuingii hapa.

Ninachotaka kusimulia ni kilichofuata katika mstari wetu wa nyumba. Majirani watatu walipokea pesa zinazokaribiana, katika majuma yale yale, baada ya kufanya kazi chini ya paa la karakana moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mmoja akazitumia kwa namna yake. Nilikuwa kijana wakati ule na nilidhani tofauti ni akili: huyu ana akili ya pesa, yule hana. Leo siamini hivyo. Kila mmoja alikuwa amejiuliza swali tofauti tangu siku ya kwanza, na swali hilo lilitokana na jinsi alivyoitazama kazi kwa miaka yote ile.

Wa kwanza ni baba yangu. Kwake kazi ilikuwa mshahara, basi. Alikuwa fundi mzuri, hakuchelewa, hakuiba, lakini king'ora kikilia alitoka getini na hakuzungumza habari za karakana mpaka kesho yake. Siku alipopata pesa alikaa mezani na kalenda ya zamani, akaigeuza nyuma, akaandika matumizi ya nyumba: unga wa bukari, makaa ya kupikia, karo, dawa. Ikaja dola 120 kwa mwezi. Akagawanya, akapata miezi thelathini na tatu. "Chini ya miaka mitatu tunakuwa maskini," akamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Swali lake lilikuwa hilo tu: pesa hii itafika wapi, na baada yake italetwa na nini?

Kesho yake alianza kutafuta kiwanja Ruashi. Alijenga vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, akapangisha kwa dola 15 kila kimoja. Arobaini na tano haifikii mia na ishirini, kwa hiyo akakodi shamba barabara ya Kasumbalesa, akalima mahindi. Hakuona aibu hata kidogo. Watu wa kampi walimshangaa: fundi wa Gécamines, na jembe begani? Yeye hakuwa na cha kupoteza, kwa sababu heshima yake hakuwahi kuiweka karakanani. Nasema hivi kwa makusudi, kwa kuwa siku hizi tunapenda kumdharau mtu anayefanya kazi "kwa ajili ya pesa tu". Katika mstari wetu, huyo ndiye aliyesimama mapema kuliko wote.

Wa pili alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kikundi cha wafanyakazi. Alianza akiwa msaidizi, akapanda daraja baada ya daraja, na mwaka ule alikuwa amebakiza hatua moja aingie kwenye kundi la makadre, wale wenye nyumba kubwa na miti ya maembe uani. Kwake kazi ilikuwa ngazi. Alikuwa na faili la plastiki lenye kila karatasi: barua za kupandishwa, vyeti vya mafunzo, tathmini za kila mwaka. Alipopokea malipo, swali lake lilikuwa: sasa mimi ni nani? Mfanyabiashara mmoja alimpa kazi ya kusimamia ghala, mshahara wa kueleweka. Akakataa. Kutoka ukapita mpaka kuhesabu magunia ya saruji, aliona ni kuteremka, na mtu aliyeteremka hapandi tena. Akasubiri. Pesa ikaisha akiwa anasubiri, na mke wake akaanza kuuza sombe, majani ya muhogo, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi.

Tulimcheka, na tulifanya haraka. Miaka michache baadaye makampuni mapya yalipoanza kufungua migodi upande wa Kolwezi na Fungurume, walihitaji wasimamizi wenye karatasi zinazoonyesha walipita wapi na walisimamia watu wangapi. Yeye alikuwa nazo zote, zimepangwa kwa tarehe. Alichukuliwa. Baba yangu asingeweza: vyeti vyake vilikuwa vimeliwa na panya. Mtu wa ngazi hutunza ushahidi, na siku soko linapofunguka ushahidi huo una bei. Ubaya wake ni kwamba ngazi aliyopanda ilikuwa mali ya mwingine. Ilipoondolewa, hakuwa na mahali pa kuweka mguu mpaka mwingine alete ngazi yake.

Wa tatu ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi. Alikuwa mkerezaji, au kama tunavyosema hapa, turnere. Watu wa karakana walisema akisikia chuma kinavyolia kwenye mashine anajua kisu kimechakaa kabla ya kukitazama. Swali lake baada ya ODV lilikuwa fupi: mashine ya kukerezea nitaipata wapi? Hakuuliza pesa itadumu hadi lini. Hakuuliza ataitwa nani. Alizunguka mjini akapata mashine kuukuu, kitanda chake kimeliwa upande mmoja, akainunua kwa sehemu kubwa ya malipo yake. Akakodi kibanda Kenya, na hapo nilikuwa nikienda kukaa naye baada ya shule.

Kazi nyingi zilikuwa za mashine za kusaga mahindi. Ekseli ya mashine hizo huliwa pale inapokaa beringi (rulema, wengi wanasema). Mteja analeta ekseli iliyopungua. Fundi anajaza kwa kuchomelea, kisha anakereza mpaka kipimo. Beringi ya namba 6309 ina tundu la milimita 45, kwa hiyo ekseli lazima iwe 45 kamili au izidi kwa sehemu moja au mbili za mia za milimita, ili beringi iingie kwa kubanwa. Siku moja alikereza, akapima kwa maikromita, akapata 44.96. Imepungua kwa sehemu nne za mia za milimita. Jicho halioni kitu. Ukisukuma beringi kwa mkono inaingia laini, na mteja, aliyekuwa amesimama mlangoni akilalamika kwamba wanawake wamepanga foleni na ndoo za mahindi, alifurahi: "Si imeingia, muzee? Nipe niende."

Muzee hakumpa. Alimwonyesha ekseli ya zamani pembeni, pale ilipong'aa kama kioo na kuwa na rangi ya bluu. Alieleza kwamba beringi isiyobanwa huzunguka juu ya ekseli badala ya kuzunguka ndani yake yenyewe. Inasugua, inapata moto, na baada ya majuma machache mashine inaanza kupiga kelele, watu wanalaumu beringi, wananunua nyingine, nayo inakufa vile vile. Akachomelea upya, akaizika ekseli kwenye majivu makavu ili ipoe taratibu isipinde, akakereza kesho yake. Bei ilibaki ile ile waliyopatana, dola 25. Fimbo za kuchomelea za pili alizilipa mwenyewe.

Sasa, uamuzi huo mtu wa mshahara asingeufanya, na angekuwa na sababu: mteja ameridhika, pesa ipo mkononi. Mtu wa ngazi labda angeufanya kama kuna msimamizi wa kuona. Huyu aliufanya kwa sababu ekseli mbovu ikitoka kwenye mashine yake ilikuwa inamuuma mwenyewe. Huo ndio wito, nikiulizwa, na hauna uhusiano na kazi kuwa ya kanisa au ya hospitali.

Lakini tazama upande wa pili. Muzee hakuwahi kupandisha bei. Wateja walijua kwamba hawezi kuachia kazi mbovu, kwa hiyo walimletea kazi ngumu ambazo wengine walikataa, na wakamlipa kama wengine. Madeni alikuwa nayo ukutani, yameandikwa kwa chaki, na hakuyafuata. Mtu akija jioni na ekseli iliyovunjika, anasimama, anasahau chakula. Mama wa nyumbani kwake alimwambia baba yangu mara moja: "Bwana yangu analishwa na mashine, sisi tunalishwa na nani?" Watoto wawili walirudishwa nyumbani kwa karo katika mwaka ambao kibanda kilikuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote. Sikuelewa vizuri hadi nilipokuja kusoma tafiti mbili.

Mgawanyo huu wa watu watatu si wangu. Mwaka 1997 mtafiti Mmarekani, Amy Wrzesniewski, pamoja na wenzake, waliwapa wafanyakazi 196 maelezo ya watu watatu wa kubuni: mmoja anafanya kazi ili aishi nje ya kazi, wa pili anaitazama kama hatua ya kwenda juu, wa tatu anaiona kazi ni sehemu ya nafsi yake na angeifanya hata kama hana shida ya pesa. Wakawauliza, wewe unafanana na nani na kwa kiasi gani? Watu hawakupata tabu kujiweka. Kinachonivutia zaidi ni kikundi kidogo ndani ya utafiti huo: wasaidizi wa ofisi 24, kazi yao karibu moja. Hata hao waligawanyika karibu theluthi kwa theluthi. Kazi ni ile ile, macho ni matatu. Ni karakana yetu kabisa. Waliojiona kwenye wito walisema wameridhika zaidi na maisha na kazi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema kipi kilianza, kuridhika au wito, na nusu ya makala zinazosambaa mitandaoni zinaruka hapo.

Utafiti wa pili ndio ulionieleza muzee. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson waliandika juu ya watunza wanyama katika bustani za wanyama za Amerika Kaskazini. Watu hao wengi wana shahada, mishahara yao ni midogo, kazi ni kuosha mavi na kubeba chakula. Wengi wao walisema wamezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Walioona wito zaidi walipata maana zaidi, na hao hao walikuwa tayari zaidi kutoa pesa yao, muda wao na raha yao kwa ajili ya kazi. Pia walikuwa wakali zaidi kwa wakubwa wao, kwa kuwa walihisi wakubwa wana deni kwa wanyama. Wito ni upanga wenye makali mawili, na anayelipa mara nyingi ni watu wa nyumbani.

Kwa hiyo mtu akiniambia "fuata wito wako" bila kuniambia nani atafuata madeni ya ukutani, namwacha aongee. Muzee angeweza kuwa na wito ule ule na binti yake mkubwa akashika daftari. Miaka ya mwisho ndivyo ilivyokuwa: binti akaweka kanuni kwamba nusu ya malipo inatangulia kabla chuma hakijafungwa kwenye mashine, na kwamba kazi ya haraka inaongezwa bei. Ekseli zikabaki nzuri vile vile. Wateja walinung'unika majuma machache, kisha wakazoea.

Haya yote yalirudi kichwani mwaka huu, mdogo wangu aliponipigia. Ana diploma ya umeme, ameoa, ana mtoto mmoja, wanaishi Katuba. "Yaya, nina kazi mbili mezani. Wewe unaonaje?"

Ya kwanza ni Kolwezi, kwa kampuni ndogo inayochukua kazi za mgodi mkubwa, mkataba wa miezi sita, dola 480. Ya pili ni hapa mjini, kwa fundi mzee anayesuka upya mota zilizoungua, bila mwisho wa mkataba, dola 280. Nilimwambia tuitazame kwa macho ya baba kwanza, kwa sababu mkewe atauliza hilo kabla ya yote. Kolwezi: toa chumba 70, chakula 110, simu na nauli ya kurudi nyumbani 40, zinabaki 260. Hapa: toa usafiri 25 na mchango wa chakula 60, zinabaki 195. Kumbe ile tofauti ya dola 200 ilikuwa 65. Kwa miezi sita ni 390. Si haba, lakini si ile aliyokuwa akiiona usingizini.

Kisha macho ya kapita. Nikamwambia anisomee mkataba ukurasa kwa ukurasa. Mahali pa aina ya kazi palikuwa pameandikwa kibarua wa kawaida, ingawa walimwita kwa ajili ya umeme. Neno hilo lina uzito. Kwa sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002, mkataba ukiisha mwajiri ana wajibu wa kukupa cheti chenye tarehe ya kuanza, ya kumaliza na aina ya kazi uliyofanya. Ukiandikwa kibarua, cheti kitasema kibarua, na miezi sita ya kuvuta nyaya za umeme haitaonekana popote. Mtu anayehesabu mshahara tu angesaini bila kusoma hapo. Nilimwambia arudi aombe wabadilishe, kabla ya kusaini, kwa adabu, na aonyeshe diploma.

Halafu macho ya muzee: mikono yako itafanya nini siku ya Jumanne saa nne asubuhi? Hilo ndilo swali ambalo ofisini hawalijibu, lazima umuulize mtu aliye ndani. Rafiki yake aliyeko kule akamwambia ukweli: mota ikiungua hawaigusi, wanaifungua, wanaweka nyingine, ile mbovu inapakiwa kwenye lori. Kazi yao ni kufungua, kufunga, kuvuta kebo. Kwa fundi mzee, angeshika kila mota kuanzia kuhesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla haujakatwa, jambo ambalo ukilikosea mara moja mota inaungua tena siku ya kwanza. Mdogo wangu alinyamaza kidogo kwenye simu. Tangu utotoni anafungua redio za watu.

Mimi ningebaki mjini. Nilimwambia hivyo waziwazi. Yeye alikaa na mkewe usiku mzima, na mkewe ndiye aliyepima vizuri kuliko mimi: mtoto wa pili anakuja mwezi wa kumi, kodi ya nyumba inalipwa kwa miezi mitatu mbele, na fundi mzee amekubali nafasi isubiri mpaka mkataba wa Kolwezi uishe. Kampuni ilibadilisha lile neno, wakaandika fundi umeme msaidizi. Hawakupandisha mshahara, na hakutegemea.

Akaenda. Kabla hajapanda basi mkewe alimpa sharti moja: wakimwongezea mkataba mmoja, sawa, lakini asijenge matumaini juu ya wa tatu. Sheria inakataza kuurudia mkataba wa muda zaidi ya mara moja, na kwa mtu aliyeoa na kuachana na familia yake kwa ajili ya kazi mkataba wenyewe hauwezi kuzidi mwaka mmoja. Ukipita hapo unapaswa kuwa wa kudumu, na makampuni mengi yanaijua tarehe hiyo kuliko wafanyakazi wenyewe. Ndiyo maana vijana wengi wa kule hurudi nyumbani juma moja kabla yake. Nakala ya mkataba iko kwa mkewe, ndani ya faili la plastiki alilolinunua yeye.